Jinsi ya kukagua stempu ya kodi kwenye chupa ya pombe kali kabla hujapokea mzigo

Nina grosari Morogoro, na huu ni mwaka wa tisa. Karibu kila wiki mwenzangu mmoja aliyefungua duka jipya ananiuliza swali lile lile: "Nimeskani stempu, simu imesema iko sawa, kwa hiyo mzigo ni halali?" Jibu langu ni kwamba bado hujamaliza. Kuskani ni hatua moja kati ya nane, na wanaotengeneza pombe bandia wanategemea sana kwamba wewe utaishia hapo.

Nimeandika juu ya pombe kali ya chupa kwa sababu ndiyo inayoghushiwa kuliko vyote dukani kwangu. Chupa ni ndogo, bei ni kubwa, na chupa tupu zinaokotwa kila baa. Mwishoni nimegusa soda, bia na maji, ambazo alama zake ni za namna nyingine.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Stempu za kodi za kielektroniki zilianza kutumika Tanzania Januari 2019, zikaanzia kwenye pombe kali, mvinyo, bia na sigara. Baadaye zikafuata soda, kisha maji ya chupa na juisi. Kila stempu ina namba yake ambayo haitakiwi kujirudia kwenye chupa nyingine yoyote, na ina msimbo wa QR, kile kimraba chenye vidoti vyeusi, unaosomeka kwa simu.

Stempu inamwambia mtu wa TRA kwamba chupa fulani imehesabiwa kwa ajili ya ushuru. Haijapima kilichomo ndani. Ubora na usalama wa kinywaji ni kazi ya TBS. Kwa hiyo stempu halisi iliyobanduliwa kwenye chupa tupu na kubandikwa kwenye chupa iliyojazwa uani kwa mtu itabaki kuwa stempu halisi, na simu itaisoma hivyo. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utaziona zina maana.

Unachohitaji

Simu janja yenye kamera nzuri na bando. Programu ya Hakiki Stempu, ambayo ni ya bure. Ipakue Play Store mwenyewe, usikubali faili ulilotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Tochi, ya simu nyingine inatosha. Kitambaa kikavu. Daftari na kalamu.

Kisha, kitu ambacho wengi hawana: chupa ya kigezo. Nunua chupa moja ya kila aina unayouza sana, kwa wakala anayetambuliwa na mzalishaji, uiweke juu kabatini bila kuiuza. Hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo kila mzigo unapoingia. Mimi ninazo nne. Gharama yake niliirudisha siku ya kwanza nilipokataa katoni mbovu.

Hatua kwa hatua

1. Anza na risiti, si chupa. Dai risiti ya EFD kabla hujashusha mzigo. Ukiwa na wasiwasi nayo, ikague kwenye `verify.tra.go.tz` kwa kuingiza namba ya uthibitisho iliyochapwa kwenye risiti. Angalia jina la muuzaji, tarehe, na kiasi. Muuzaji akikwambia risiti "itakuja kesho na dereva", mwambie na mzigo uje kesho na dereva huyo huyo. Risiti ndiyo itakayokuokoa siku maofisa wakikuta chupa mbaya rafuni kwako, maana sheria inamgusa anayeuza pia, si aliyetengeneza peke yake. Kusema hukujua, bila karatasi yoyote mkononi, hakutakusaidia.

2. Angalia katoni ilivyofungwa. Katoni ya kiwandani hufungwa mara moja. Gundi ya utepe juu ya utepe mwingine, au karatasi iliyochanika chini ya utepe mpya, maana yake kuna mtu aliifungua. Huenda alikuwa na sababu njema, lakini muulize. Soma tarehe na namba ya toleo zilizochapwa kwenye katoni, uziandike. Utazihitaji hatua ya saba.

3. Tazama stempu ilipokaa. Kwenye chupa ya pombe kali stempu ya karatasi inatakiwa ipite juu ya kizibo na kushuka shingoni, ili mtu akifungua tu, ichanike. Stempu iliyobandikwa tumboni kwa chupa, au kwenye shingo chini ya mahali kizibo kinapokatikia, haizuii chochote. Chupa inaweza kufunguliwa na kujazwa upya mara kumi na stempu ikabaki nzima. Ukiona hivyo, weka chupa pembeni hata kabla ya kutoa simu.

4. Pitisha ukucha na tochi kwenye ukingo wa stempu. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Stempu iliyobandikwa kiwandani imelala sawasawa, gundi yake haionekani. Stempu iliyobanduliwa na kubandikwa tena hubeba alama za safari yake. Kona hukunjamana kidogo, karatasi huwa na mawimbi kwa sababu ililowekwa maji ili iachie, na gundi mpya humwagika nje ya ukingo ikang'aa ukiimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Wakati mwingine utaona mstari mwembamba katikati ya stempu, ulalo kwa ulalo: ni vipande viwili vilivyochanika vikaunganishwa. Ukucha unauhisi mstari huo kabla jicho halijauona. Fanya hivi kwenye chupa kavu tu. Chupa iliyotoka kwenye friji stempu yake hulainika yenyewe, utamhukumu mtu bure.

5. Linganisha na chupa ya kigezo. Ziweke mbili sambamba kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya njano. Angalia ukubwa wa stempu, rangi, maandishi madogo, na namna herufi zilivyochapwa. Kama stempu ya kigezo ina sehemu inayobadilika rangi ukiinamisha, basi na hii ibadilike vile vile. Nakala iliyotoka kwenye mashine ya kawaida ya kuchapia haiwezi kufanya hivyo, rangi yake hubaki ile ile ukiigeuza upande wowote, na maandishi madogo huwa yamevimba au yameungana. Tahadhari moja tu: muundo wa stempu unaweza kubadilishwa, kwa hiyo kigezo chako kisiwe cha miaka mitatu iliyopita. Kibadilishe kila unapopata mzigo mpya unaouamini.

6. Skani, kisha usome. Fungua Hakiki Stempu, elekeza kamera kwenye msimbo, subiri. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuona jibu limetokea na kufunga simu. Soma kila kilichoandikwa. Bidhaa inayotajwa ndiyo uliyoshika? Mzalishaji au mwingizaji ndiye aliyeandikwa kwenye lebo? Namba inayoonekana kwenye simu ndiyo iliyochapwa kwenye stempu? Kimoja kikitofautiana, chupa hiyo haijapita, hata kama simu imesema stempu inatambulika. Usiskani kwa kamera ya kawaida ya simu ukaridhika. Kamera ya kawaida itakufungulia anwani yoyote iliyofichwa kwenye msimbo, hata ya ukurasa uliotengenezwa na tapeli ukafanana na wa serikali.

7. Skani zaidi ya chupa moja, na uandike namba. Kwenye katoni ya chupa 24 mimi huchukua sita: nne za kona na mbili za katikati. Muuzaji asikuchagulie. Chupa nzuri hupangwa juu. Andika namba sita kwenye daftari, uzitazame. Namba mbili zikifanana, mzigo wote umeharibika, kwa sababu hakuna stempu mbili zenye namba moja. Mtu aliyenakili stempu moja halisi na kuichapa mara mia atapita hatua ya sita bila shida, kwani kila nakala inasoma kumbukumbu ya ile stempu halisi. Hapa kwenye daftari ndipo anaponaswa. Kisha linganisha namba ya toleo na tarehe kwenye chupa na zile ulizoandika kutoka kwenye katoni.

8. Malizia na chupa yenyewe. Panga sita zile kwenye meza, uzitazame usawa wa macho. Kimiminika kifike usawa mmoja kwenye shingo zote. Mashine ya kiwandani hujaza sawa, mkono haujazi sawa. Geuza chupa juu chini mbele ya mwanga uangalie mashapo au vipande vinavyoelea. Lebo ziwe zimenyooka. Pete ya kizibo isiwe imekatika. Chini ya chupa kusiwe na mikwaruzo mingi, ambayo inaonyesha imetumika na kuoshwa.

Kuna jambo linalotangulia hatua zote hizi. Pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, viroba, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017. Ukiletewa kiroba hata kama kimebandikwa stempu, hakuna cha kuskani. Kataa.

Katoni iliyonifundisha

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Krismasi, kijana mmoja aliniletea katoni tatu za chupa ndogo kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya wakala. Alisema ni mzigo wa baa iliyofungwa. Nilikuwa nimeishiwa, wateja wanauliza, nikajiambia nikague haraka haraka.

Chupa ya kwanza niliskani, stempu ikatambulika. Ya pili ikatambulika. Nikaanza kuhesabu pesa. Mke wangu, ambaye ndiye anayeandika daftari, akaniambia, "Baba Neema, hebu nisomee simu ilivyoandika." Nikamsomea. Jina la bidhaa kwenye simu lilikuwa la mvinyo. Chupa niliyoshika ilikuwa ya pombe kali, rangi ya maji. Stempu ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa mali ya chupa nyingine.

Tukashusha zote tatu tukaanza upya. Katoni ya kwanza, kati ya chupa sita, nne zilikuwa na gundi inayong'aa ukingoni. Katoni ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, stempu zimelala vizuri, lakini tulipoandika namba, mbili zilifanana hadi tarakimu ya mwisho. Katoni ya tatu hatukuona kosa lolote kwenye stempu. Tulipozipanga mezani, usawa wa kimiminika ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Nakueleza haya kwa sababu kila katoni ilinaswa na hatua tofauti. Ningefanya moja tu, ningenunua mbili kati ya tatu. Kijana alipoona nimetoa simu kupiga, aliacha mzigo akaondoka na bodaboda yake.

Chupa ikishindwa ufanye nini

Usiirudishe kwa aliyekuletea. Najua ndiyo njia rahisi, lakini saa moja baadaye itakuwa kwenye duka la jirani yako. Usiimwage pia, maana utakuwa umemwaga ushahidi. Weka katoni nzima kando, andika "HAIUZWI" kwa kalamu nene, piga picha ya stempu, lebo, katoni na risiti. Kisha piga simu TRA, bila malipo, 0800 780 078 au 0800 750 075, au nenda ofisi yao ya mkoa. Kama chapa ya kampuni imeigwa, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Kama una shaka na kilichomo ndani, wahusishe TBS.

Usijaribu kuonja ili uhakikishe. Na usiwasikilize wanaosema uwashe kiberiti uangalie rangi ya moto. Hatari kubwa ya pombe bandia ni methanoli, ambayo haina ladha wala harufu ya kukutahadharisha ikiwa imechanganywa na pombe ya kawaida, na moto wa mchanganyiko huo haukuambii lolote la kuaminika. Inapimwa maabara. Mtu aliyekunywa anaweza kuonekana mlevi wa kawaida, akapata nafuu, kisha saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili, akaanza kuumwa tumbo na kichwa, kutapika, na kuona ukungu machoni. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa iende naye. Usimwache "alale itoke".

Soda, bia, maji na juisi

Nyingi kati ya hizi hazina stempu ya karatasi. Alama huchapwa moja kwa moja kwenye kizibo, kwenye kopo au kwenye chupa wakati inapita mashineni, kwa hiyo tafuta kimraba kidogo, wakati mwingine hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Hatua ya 3 na ya 4 hazikuhusu hapa, nyingine zote zinakuhusu. Kwenye maji ya chupa mwangalie zaidi mzalishaji anayetajwa na simu, kwa sababu vizibo vilivyotumika hukusanywa pamoja na chupa na kurudishwa. Pete ya chini ya kizibo ikiwa imeshakatika, alama iliyo juu yake haina maana tena.

Si kila kitu cha chupa kina stempu. Sabuni ya maji au dawa ya kikohozi haina, na kukosa kwake si dalili ya chochote.

Shida zinazojitokeza

*Simu haisomi msimbo.* Kausha chupa kwa kitambaa, safisha kioo cha kamera, sogea mbali kidogo badala ya kukaribia. Msimbo ulio kwenye shingo ya mviringo husomeka vizuri ukiizungusha chupa taratibu hadi kimraba kikutazame usoni. Kama jua linarudisha mwanga, weka kivuli kwa mkono.

*Simu inasoma kwenye chupa ya kigezo lakini haisomi kwenye mzigo.* Hapo tatizo si simu. Jaribu chupa nyingine tano. Moja ikigoma kwa sababu stempu imechubuka, itenge hiyo. Zikigoma zote, usipokee.

*Hakuna mtandao.* Usipokee kwa ahadi ya kukagua usiku. Fanya hatua ya 1 hadi 5 na ya 8, ambazo hazihitaji mtandao isipokuwa kukagua risiti, andika namba zilizochapwa kwenye stempu uone kama zinajirudia, na mwambie dereva asubiri au arudi. Malipo yasitoke kabla.

*Simu inasema stempu haitambuliki.* Skani tena mara moja, kwa simu nyingine kama ipo. Jibu likiwa lile lile, fuata maelezo ya chupa iliyoshindwa. Maelezo ya muuzaji kwamba "mfumo uko chini leo" unaweza kuyapima mwenyewe kwa sekunde kumi: skani chupa yako ya kigezo.

*Mteja amerudisha chupa anadai ni bandia.* Ipokee bila kubishana, mrudishie pesa, na tafuta kwenye daftari ilitoka katoni ipi. Kisha toa rafuni chupa zote za katoni hiyo uzikague upya, moja baada ya nyingine, safari hii zote 24.

*Watu wanakuja kununua chupa tupu.* Kabla hujawapa, chana stempu yote na uvunje pete ya kizibo. Mimi hukwangua kwa kisu hadi isibaki kipande kinachosomeka. Stempu ile ya mvinyo niliyoikuta kwenye pombe kali ilikuwa nzima, bila hata kona iliyopasuka. Kuna mtu kwenye baa fulani aliibandua kwa utulivu, kwa maji ya moto, akaiuza pamoja na chupa.